Kasoro tatu za jedwali, na mbili ambazo jedwali halizitaji

Swali la viwango vya utengano wa miamala huwapata wasailiwa wengi wakiwa wamekariri jedwali moja. Upande mmoja vipo viwango vinne: READ UNCOMMITTED, READ COMMITTED, REPEATABLE READ na SERIALIZABLE. Upande mwingine zipo kasoro tatu. Ya kwanza ni usomaji mchafu, yaani muamala kusoma kilichoandikwa na mwenzake ambaye bado hajafikia COMMIT. Ya pili ni usomaji usiorudika: unasoma mstari uleule mara mbili na kukuta thamani tofauti, kwa sababu mwenzako amebadilisha na kumaliza katikati. Ya tatu ni mizuka: unarudia swali lenye sharti, na mistari inayotimiza sharti hilo imeongezeka au imepungua.

Jedwali hili limetoka katika kiwango rasmi cha lugha ya SQL cha mwaka 1992, na wapo wanaosema msailiwa asilipite. Wana hoja. Msaili mara nyingi ana karatasi yenye majina hayo matatu, na asiyeyataja atakosa alama hata kama anajua mengine kumi. Isitoshe, ni lugha inayoeleweka na yeyote aliyegusa hifadhidata, iwe PostgreSQL, MySQL au Oracle.

Upande wa pili unasema jedwali hilo linadanganya kwa kunyamaza. Mwaka 1995 Hal Berenson, Phil Bernstein, Jim Gray na wenzao walichapisha uhakiki wao wa viwango hivyo. Walionyesha utaratibu ambao kila muamala unasoma picha ya data ilivyokuwa ulipoanza, na wawili hawaruhusiwi kubadilisha mstari mmoja kwa wakati mmoja. Ukiupima kwa tafsiri finyu ya zile kasoro tatu, utaratibu huo hauna hata moja. Hata hivyo matokeo yake yanaweza kuwa ambayo usingeyapata kama miamala ingepita mmoja baada ya mwingine. Maana yake ni kwamba kufaulu mtihani wa jedwali si sawa na kuwa salama.

Naegemea upande huu wa pili, ila si kwa kulitupa jedwali. Taja zile tatu kwa sentensi moja moja, kisha muda uliobaki uutumie kwa kasoro mbili zinazoharibu fedha za watu kweli: sasisho lililopotea na uandishi mshazari.

Sasisho lililopotea ni rahisi kulieleza. Salio ni 50,000. Programu mbili zinalisoma kwa pamoja. Moja inatoa 30,000 na kuandika 20,000. Nyingine inatoa 10,000 na kuandika 40,000. Zimetoka 40,000, lakini salio linasomeka 40,000 badala ya 10,000. Kwenye READ COMMITTED, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha PostgreSQL, hakuna kitakacholalamika. Dawa nyepesi ni kutopiga hesabu ndani ya programu, bali kuiacha hifadhidata ifanye `SET salio = salio - 30000`. Wa pili atasubiri kufuli la mstari, kisha atahesabu kwa thamani mpya. Ukipanda hadi REPEATABLE READ, PostgreSQL itamkatalia wa pili kwa kosa namba 40001. MySQL yenye InnoDB, ambayo kiwango chake cha kawaida kina jina hilohilo la REPEATABLE READ, haitamkatalia, na sasisho litapotea kimyakimya. Msaili akikuuliza kama REPEATABLE READ inazuia sasisho lililopotea, jibu la haki ni kumuuliza: ya hifadhidata gani?

Uandishi mshazari ndio unaotenganisha aliyekariri na aliyeelewa. Chukua kikundi cha akiba chenye akaunti mbili, moja ina 300,000 na nyingine 200,000. Kanuni yao ni kwamba jumla ya akaunti zote mbili isishuke chini ya 100,000. Mwenyekiti anatoa 300,000 kutoka ya kwanza:

```sql
BEGIN ISOLATION LEVEL REPEATABLE READ;
SELECT SUM(salio) FROM akaunti WHERE kikundi = 7;
-- 500000: zitabaki 200000, sawa
UPDATE akaunti SET salio = salio - 300000
 WHERE id = 1;
COMMIT;
```

Wakati huohuo mhazini anatoa 200,000 kutoka ya pili. Naye ameona jumla ya 500,000, akapata kwamba zitabaki 300,000, akaendelea. Hakuna aliyesoma data chafu. Hakuna aliyeona thamani ikibadilika wala mstari mpya ukizuka. Hawakubadilisha mstari uleule, kwa hiyo hata kosa la 40001 halitokei. Wote wawili wanafikia COMMIT, na jumla inakuwa sifuri. Kila mmoja alifuata kanuni kulingana na picha aliyoiona. Kilichovunja kanuni ni kwamba uamuzi wa kila mmoja ulitegemea mstari ambao mwenzake alikuwa anaubadilisha. Na `salio = salio - 300000` haisaidii chochote hapa, kwani hesabu ya kila akaunti ni sahihi.

Ubaya wake ni kwamba kumbukumbu za makosa hubaki safi kabisa. Unaugundua kwa kupitia data yenyewe na kutafuta kanuni iliyovunjika.

Tiba ziko mbili, na hapa ndipo pa kupima kwa kweli. Ya kwanza ni SERIALIZABLE. Katika PostgreSQL tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, kiwango hiki hufuatilia nani amesoma kilichobadilishwa na nani, na mmoja wa wale wawili ataona `could not serialize access due to read/write dependencies among transactions`. Gharama yake ni kwamba programu lazima iwe tayari kuanza muamala upya tangu kusoma, na wasailiwa wengi husahau kulisema hilo. Pia miamala mingine inayohusika nayo lazima iendeshwe katika kiwango hichohicho. Ikiwa mmoja umebaki READ COMMITTED, ulinzi una tundu.

Ya pili ni kufunga mistari mwenyewe kwa `SELECT ... FOR UPDATE`. Kuna mtego mdogo: PostgreSQL haikubali `FOR UPDATE` pamoja na `SUM`, hivyo unasoma mistari yote miwili kwa kuifunga, ukiipanga kwa `ORDER BY id` ili watu wawili wasikwamishane, kisha unajumlisha. Kwa kikundi hiki ningechagua njia hii ndani ya READ COMMITTED: mistari ni miwili tu, inajulikana, na atakayesubiri atasubiri kidogo. Lakini kufuli hufunga kilichopo. Kama kanuni ingekuwa «chumba kisikodishwe mara mbili kwa saa ileile», na bado hakuna mstari wa ukodishaji, hakuna cha kufunga. Hapo SERIALIZABLE, au sharti lililowekwa kwenye jedwali lenyewe la ukodishaji, ndiyo njia.

Na bado jina la kiwango halitoshi. SERIALIZABLE ya Oracle ni ule utaratibu wa picha, kwa hiyo wale wawili wangepita bila kizuizi. Ya InnoDB hugeuza kila `SELECT` ya kawaida ndani ya muamala kuwa `FOR SHARE`: mwenyekiti na mhazini wangeshika kufuli la kusoma kwenye mistari yote miwili, kila mmoja angemsubiri mwenzake ili aandike, na mmoja angeondolewa kwa kosa namba 1213. Programu inayorudia muamala kwa kutazama SQLSTATE 40001 italitambua kosa hilo, kwani MySQL huliambatanisha na msimbo huohuo, lakini inayolinganisha 40001 na namba ya kosa ya MySQL haitalitambua.