"Mtu akikutaka atapata muda": mimi sikubali

Jumapili kwenye kikoba dada mmoja alikuwa anasimulia shoga yake alivyomuahirisha mara ya nne, kila mara sori nyingi na "nakupenda mwaya", na hata hajamaliza wenzake wakamkata, achana naye, mtu akikutaka atapata muda. Nikanyamaza maana sikutaka kuharibu kikao, ila kutoka pale Magomeni ya Mtwara hadi nyumbani moyo ulikuwa unanichemka. Hiyo kauli niliambiwa na mimi mwaka juzi, na ilibaki kidogo tu niifuate.

Rafiki yangu anakaa Mikindani, mimi niko huku Chikongola, hata kilomita kumi na tano hazifiki, na msimu ule wa korosho aliniahirisha mara tano. Tano! Kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Novemba. Mara ya tano nilishakaa kwenye bajaji, nimeshanunua na samaki, meseji ikaingia, "nisamehe dada yangu, nisamehe sana, leo imeshindikana". Nilishuka nikarudi ndani nikasema basi, namba naifuta.

Sijui nini kilinizuia. Badala ya kufuta nikapanda juu kwenye meseji zetu nikaanza kuzisoma moja moja, na nikajilazimisha niruke yale maneno matamu yote. Ndiyo kosa tunalofanya wengi, tunapima sori. Sori ikiwa ndefu na ina machozi tunasema ananijali, ikiwa fupi tunasema kanichoka. Lakini sori nzuri anaweza kuitoa yeyote, asiyekutaka anaitoa ili usimkasirikie na aliyezidiwa na mambo anaitoa kwa sababu anaumia kweli, maneno yanafanana kabisa. Nikaangalia vitu viwili tu, sababu imesemwaje na baada ya sori kimefuata nini.

Sababu zake zilikuwa na vitu ndani. Siku ya kwanza lori la kupeleka korosho ghalani lilichelewa na yeye ni karani wa AMCOS, ule ushirika wa wakulima, hawezi kuondoka gunia halijapimwa na kuandikwa. Siku ya pili mama yake, ambaye ana kiharusi, alianguka chooni. Siku ya tatu hakuwa na sababu, aliandika saa nane usiku, "nilikaa kitandani nivue viatu, ndio naamka sasa hivi". Mtu anayekukwepa hakuandikii hivyo, anakuandikia "kuna kitu kimetokea" halafu anafunga mlango. Na baada ya kila sori alitaja siku yeye mwenyewe, sikumuomba, "Jumapili ijayo siku nzima ni yako".

Hiyo siku nzima ndiyo ilikuwa inatuua. Kuna kitu Daniel Kahneman na Amos Tversky walikiandika mwaka 1979, kwamba mtu akipanga jambo la mbele analitazama hilo jambo peke yake na hayaangalii yale ya nyuma yalivyomchukulia muda, ndiyo maana kila mara anakadiria pungufu. Yeye akiitazama Jumapili ijayo anaiona nyeupe, hamuoni mama wa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, wala hiyo foleni ya magunia. Halafu kwa kuwa ana deni la siku iliyopita anataka kulipa kwa kubwa zaidi, tulianza na chai, tukafika mpaka kushinda wote ufukweni na watoto. Kila akishindwa deni linapanda, na kila likipanda ndivyo anavyozidi kuogopa hata kukupigia.

Na hili mtu aniambie kama nakosea: aliyezidiwa anamuahirisha yule anayemsamehe. Wenzangu waliniambia mbona kwenye ngoma ya kumtoa mwali wa shangazi yake alionekana, mbona msibani alienda. Jamani, nyie ni watu wa huku, mnajua. Usipoonekana kwenye unyago wa ndugu yako utasemwa mpaka mwakani, msibani ndiyo usiseme, na kazini ukikosekana korosho za watu hazipimwi. Kote huko kuna mtu anahesabu nani kaja. Kwangu mimi hakuna anayehesabu, kwa hiyo mimi ndiye sehemu pekee aliyoweza kupunguza. Nilikuwa naona ananiweka mwisho, kumbe nilikuwa mahali pekee ambapo haogopi kuangusha kitu.

Nikapunguza ule mpango mpaka ukabaki mdogo kabisa. Nikamwandikia, "kesho saa kumi na mbili jioni nakuja Mikindani, nitasimama mlangoni dakika kumi nikupe ming'oko niondoke, usipike, usifagie, kama hapana niambie hapana". Ming'oko ni vile viazi pori vya huku kwetu. Akajibu muda uleule, neno moja, njoo. Alitoka na khanga ya kazini bado imefungwa kiunoni, mikono ina povu la sabuni, akanishika mkono hajaufuta na maji yanatiririka mpaka kiwiko changu. Akamenya mng'oko mmoja palepale mlangoni akaula amesimama, akaniambia, "nilikuwa naona aibu hata kuona jina lako kwenye simu". Dakika kumi zikawa arobaini na hakuna aliyezipanga.

Njia hiyohiyo niliitumia kwa mtu mwingine, kaka mmoja aliyekuwa ananiita mpenzi na kuniahirisha kwa sauti ya asali. Nikamwambia nipo hapa karibu na kazini kwako, toka dakika tano nikuone tu. Akasema leo hapana. Kesho je? Tutaangalia. Keshokutwa? Hapo akaanza tena kunisifia. Nikikikata kitu kiwe kidogo namna gani bado kilikuwa kikubwa kwake, na siku nilipoacha kuomba mimi, hakuna siku aliyoitaja yeye. Huyo hakuwa amezidiwa, na nilimuacha bila kugombana.

Sasa kuna mahali hii haifanyi kazi na lazima niseme. Mtu aliyezama kwenye huzuni ya kweli, ile ya kutooga na kutojibu simu, hata dakika tano zako atazikataa na siku nyingine hataitaja, ukimpima kwa kipimo changu utasema hakutaki na utakosea vibaya. Huyo angalia kama kawakimbia wote au wewe tu, kisha zungumza na wa nyumbani kwake. Na ukiambiwa hapana usiende mlangoni kwa nguvu, hiyo siyo upendo.

Na haya, nakubali, hata akiwa amezidiwa kweli wewe una haki ya kuchoka. Mimi nilichoka. Ila nilimwambia nimechoka, nikamuuliza tuache kupanga mpaka minada ya korosho iishe au? Akashusha pumzi kwenye simu mpaka nikaisikia, akasema ndiyo, mpaka Januari, mnada wa mwisho ukipita nakupigia mimi. Alipiga tarehe 9.

Mama yake bado anaumwa na bado anaahirisha, wiki iliyopita tu kaahirisha. Tumekubaliana siku ikishindikana aandike "mama" tu, neno hilo moja, sori sitaki. Jumamosi hii kasema anakuja huku kwangu nusu saa, nimeshaweka korosho pembeni za kumkaangia, na simu naiacha mezani.