Wotafoli au ajaili: sababu zimo ndani ya kisa chenyewe

"Mwalimu, shikamoo. Kwenye kazi ya uchunguzi kifani wa SACCOS nilichagua ajaili, nikaandika kwamba ni mbinu ya kisasa na mahitaji ya mteja hubadilika. Nimepata 9 kati ya 20. Mwenzangu kachagua wotafoli, kapata 15. Kumbe jibu sahihi lilikuwa wotafoli?"

Marahaba. Hapana, na hata wewe ungeweza kupata 15 kwa ajaili hiyohiyo. Chukua ile aya yako ya sababu, futa neno SACCOS, andika hospitali au kampuni ya mabasi. Haibadiliki kitu. Sababu inayomfaa mteja yeyote haijamgusa mteja huyu, na msahihishaji anaiona mapema. Mwenzako alitaja sentensi za kisa moja moja, akaonyesha kila sentensi inaifanya nini kazi, kisha akakiri mbinu yake itamgharimu nini mteja. Hizo hatua tatu ndizo zilizompa alama. Kumbuka tu: wotafoli hujenga mfumo kwa hatua zinazofuatana, kila moja ikikamilika kabla ya inayofuata, na ajaili hujenga kwa mizunguko mifupi, mteja akionyeshwa kazi kila mzunguko unapoisha.

Kabla ya kisa, kuna makosa mawili ninayokutana nayo kila muhula. La kwanza ni kudai kwamba Winston Royce, mtaalamu wa programu za kompyuta, alibuni wotafoli akiitetea. Makala yake ya mwaka 1970 ina mchoro maarufu wa hatua zinazoporomoka moja baada ya nyingine, lakini anaeleza palepale kwamba kuufuata ulivyo ni hatari, kwa kuwa majaribio huja mwishoni, na kasoro kubwa ikigunduliwa hapo inabidi kurudi hadi kwenye usanifu. Alishauri hata mfumo mpya ujengwe mara mbili, wa kwanza ukiwa wa kujifunzia. La pili ni kudai kwamba ajaili haina mpango wala nyaraka. Tamko la ajaili la 2001, lililoandikwa na watu 17 waliokutana Utah, Marekani, linasema nyaraka na mpango vina thamani, ila programu inayofanya kazi na kuitikia mabadiliko vina thamani zaidi. Ukijenga hoja juu ya picha hizo mbili za kuchonga, utakuwa unapigana na kivuli.

Sasa kisa chenu. SACCOS ya walimu ina wanachama 2,400 na matawi matatu. Bajeti imepitishwa na mkutano mkuu, haiongezwi. Kazi inaanza Julai, na mfumo wa mikopo uwe unatumika tarehe 1 Januari, mwaka wa fedha unapofunguliwa. Kanuni za riba na dhamana zimo kwenye masharti ya chama. Maafisa mikopo wanatumia leja na Excel, na matawi hayakubaliani fomu ya mkopo ipite kwa nani kwanza. Meneja anapatikana siku moja kwa wiki.

Wengi walikimbilia bajeti: haibadiliki, kwa hiyo wotafoli. Hapo pana mtego. Wotafoli hufunga orodha ya kazi mwanzoni, na kazi ikiwa kubwa kuliko ilivyokadiriwa, kinachonyumbuka ni muda na fedha. Ajaili hufunga muda na timu, ambavyo ndivyo gharama, na kinachonyumbuka ni orodha. Sentensi ileile ya bajeti inaweza kubeba hoja zote mbili. Swali linaloamua ni hili: je, orodha ya mteja huyu inaweza kupunguzwa, tarehe 1 Januari ikafika, na chama bado kikafanya kazi? Ujumbe wa simu wa kumkumbusha mwanachama rejesho unaweza kusubiri hadi Machi. Ukokotoaji wa riba hauwezi kusubiri hata siku moja. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, lakini kwa sehemu tu, na lazima uitaje sehemu hiyo.

Riba nayo tuitazame kwa karibu, maana hapa ndipo hoja ya "mahitaji hubadilika" inapovunjika. Mwalimu anakopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi. Ikiwa riba inatozwa kwenye mkopo wote kila mwezi, atalipa 12,000 mara 12, yaani 144,000. Ikiwa inatozwa kwenye salio, naye anarejesha 100,000 za mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 12,000, wa pili 11,000, hadi 1,000 mwezi wa mwisho, jumla 78,000. Tofauti ni shilingi 66,000 kwa mwanachama mmoja. Kanuni ipi inatumika si jambo la kugundua kwa kumwonyesha mteja skrini baada ya wiki mbili. Limeandikwa kwenye masharti. Timu inayokosea hapa kisha ikasema "tutarekebisha mzunguko ujao" haijifunzi, imeacha kusoma. Mwanafunzi aliyechagua wotafoli ana haki kamili ya kusimama hapa: mahitaji yanajulikana, hayana tafsiri mbili, na kosa linaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mtu.

Lakini aende na ile sentensi nyingine pia. Tuseme tawi moja hupeleka fomu kwa kamati ya mikopo moja kwa moja, na jingine huipitisha kwanza kwa mhasibu ili aangalie hati ya mshahara. Ukiwaita wote Agosti, wakakubaliana kwa mdomo, ukaandika hati ya kurasa 60 na meneja akatia saini, umepata saini. Makubaliano bado huna. Mtu anayefanya kazi kwa leja hawezi kukueleza anachotaka kwenye skrini ambayo hajawahi kuiona. Utaijua tofauti yao Desemba, siku ya majaribio, afisa wa tawi la pili atakapouliza kitufe cha kuirudisha fomu kwa mhasibu kiko wapi. Hapa ajaili ina nguvu ya kweli: skrini ya maombi ikionyeshwa mwezi Agosti, ugomvi unatokea mapema, na kuurekebisha ni kazi ya siku chache.

Ndiyo maana mimi binafsi, kwa kisa hiki, ningechagua ajaili, huku kanuni za fedha zikifungwa mwanzoni. Najua wanafunzi wanapenda neno "mseto" kwa sababu linaonekana kama njia salama ya katikati. Si salama usipochora mpaka. Kuanzia Julai una wiki 26. Wiki 4 za kwanza: kusoma masharti ya chama, kuandika kanuni za riba na ukomo wa dhamana pamoja na mifano ya hesabu kama ile ya juu, na kupata saini ya bodi. Wiki 16 zinazofuata: mizunguko minane ya wiki mbili, ukianza na maombi na uidhinishaji, kwa kuwa ndipo penye ubishi; vya kusubiri, kama ujumbe wa simu, vinakaa mwisho wa foleni ili vikikatwa kusiharibike kitu. Wiki 6 za mwisho: kuhamisha salio za wanachama 2,400 na kulinganisha na leja, kwa mpango uliofungwa, maana vitabu vya mwaka hufungwa mara moja tu.

Halafu andika gharama ya uchaguzi wako. Wengi waliruka hapa, na palikuwa na alama 4. Ajaili inamtaka mtu wa upande wa mteja awe karibu, mwenye mamlaka ya kusema hiki ndiyo na hiki hapana. Meneja ana siku moja kwa wiki. Usilifiche hilo. Sema kwamba bodi imteue kwa barua afisa mikopo mwandamizi aamue kuhusu skrini na mtiririko wa fomu, na kwamba siku ya meneja itumike kwa maonyesho ya kila mwisho wa mzunguko. Sema pia dalili ya kushindwa: maonyesho mawili mfululizo yakipita bila mwenye uamuzi kuhudhuria, timu inajenga kwa kubahatisha, na faida uliyoifuata kwenye ajaili haipo tena.

Aya yako ya kwanza ilisema: "Nimechagua ajaili kwa sababu mahitaji hubadilika." Ingeweza kusomeka hivi: "Matawi hayakubaliani mtiririko wa fomu, na maafisa hawajawahi kutumia mfumo, hivyo mahitaji ya sehemu hii hayawezi kuthibitishwa kwa hati pekee. Maonyesho ya kila wiki mbili yataibua tofauti hizo mapema. Gharama yake ni muda wa mteja, ambao kisa kinaonyesha ni mdogo. Napendekeza afisa mmoja apewe mamlaka ya uamuzi. Kanuni za riba haziingii humu, kwa kuwa zimo kwenye masharti ya chama." Ina sentensi tano, na huwezi kuipeleka hospitali bila kuiandika upya.

Ukitaka mfano wa kweli wa kutia nguvu, uangalie pande zote. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliachana na mfumo wao wa majalada ya kesi, Virtual Case File, mwaka 2005, baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ulikwama mikononi mwa mkandarasi. Mwaka 2010 FBI waliuchukua wenyewe, wakaenda kwa ajaili na timu ndogo, na ukaanza kutumika Julai 2012. Wanafunzi huutaja kama ushindi wa ajaili na kuishia hapo. Wanasahau kwamba timu ile haikuanza na karatasi tupu: orodha ya mahitaji ilikwishaandikwa miaka ya nyuma. Upande wa pili, Universal Credit, mfumo wa mafao wa Uingereza, ulianza kwa kutangaza ajaili, na kufikia mwaka 2013 ilibidi upangwe upya. Mbinu ilikuwa imepandikizwa kwenye idara isiyoizoea, yenye mikataba mikubwa ya mtindo wa zamani. Mfano mmoja haukuthibitishii chaguo lako. Unakusaidia tu pale unapoonyesha hali ipi ya mfano inafanana na kisa chako, na ipi haifanani.

Na mwenzako aliyepata 15? Hoja yake ilikuwa masharti yaliyoandikwa, tarehe isiyosogea na meneja asiyepatikana, naye akakiri kwamba ubishi wa matawi ungeweza kulipuka mwishoni, hivyo akapendekeza mchoro wa skrini wa majaribio mwezi Julai kabla ya saini. Alama 5 alizikosa kwa sababu hakusema nini kingekatwa muda ukibana. Kisa kingesema matawi yote yanafuata mtiririko mmoja tangu zamani, na malipo ya mkandarasi yanatolewa kwa hatua zilizotiwa saini, mimi ningekuwa upande wake.