Presha 1716

Wale mliosikia sauti ya yule rafiki yangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye WhatsApp, dakika nne nzima za kucheka na sekunde kumi za habari ya namna nilivyonunua gari, naomba mnisikilize na mimi. Kweli nilisema "presha". Lakini sikuanguka ndani ya mfereji. Hiyo ameongeza yeye.

Gari ni RAV4 ya 2003, mnaijua, niliwatumia picha zake mpaka mkachoka. Mwenyewe ni papa mmoja wa Belair, mstaafu. Alitaka dola 6,500. Nikafanya kama watu wenye akili, nikampeleka fundi aikague kwanza, nikamlipa dola 40. Fundi akalala chini ya gari karibu saa nzima, akatoka na nywele zimejaa vumbi jekundu, akaniandikia karatasi. Akasema, "Ngoja nikueleze." Nikamwambia nina haraka, kusoma najua.

Karatasi ilikuwa na mambo manne tu, kila moja na bei yake ya kutengeneza, kipuri pamoja na kazi. Kadani ya kushoto mbele, 140. Amotisere mbili za nyuma zinavuja mafuta, 130. Plakete za breki za mbele zimebaki milimita 3, dola 35. La nne liliandikwa hivi: "Matairi manne, 1716, 320." Jumla 625.

Basi, 625 ilinionekea ndogo. Usiku ule rafiki yangu akanishauri: karatasi ya fundi ni kama sombe, usipoongeza kitu hainogi. Nikachukua kalamu. Nikaongeza mkanda wa injini, ule mafundi wanaita kurwa ya distribisyon, dola 250, kwa sababu nilisikia magari yote ya zamani lazima ubadilishe. Nikaongeza rangi iliyokwaruzika, 200. Nikaongeza usukani kuwa upande wa kulia badala ya kushoto, 300. (Msicheke bado.) Ikawa 1,375. Ukitoa kwenye 6,500 inabaki 5,125, na kwa vile mimi sipendi chenji, nikaamua nitatoa 5,000 kamili.

Tukafika Belair Jumamosi. Papa alikuwa uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, na wajukuu watatu wakimzunguka. Mama wa nyumba akatuletea munkoyo. Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, kama ninasoma hukumu.

Nikaanza na usukani. Papa akanitazama kwa upole. "Mwanangu, huu usukani umeuona leo?" Nikasema hapana, niliuona siku ya kwanza. "Na mikwaruzo?" Nayo pia. "Basi hiyo yote imo ndani ya 6,500. Unaponiuzia mbuzi mwenye pembe moja, bei yake tayari ni ya pembe moja. Niambie kile ambacho mimi na wewe hatukukijua."

Dola 500 zikaondoka kabla sijameza munkoyo.

Nikaruka kwenye mkanda. Nilisema kwa sauti nzito, "Papa, mkanda wa distribisyon ukikatika barabarani, injini imekufa." Akainuka polepole, akafungua kapo, akaniita karibu. "Nionyeshe." Mimi nikatazama humo ndani. Niliona mkanda mmoja wa mpira pembeni, unazunguka kwenye magurudumu madogo. Nikaunyooshea kidole kama shahidi mahakamani.

"Huo unazungusha alternata," akasema. "Hii injini ni 1AZ. Ndani yake kuna mnyororo wa chuma. Mkanda wa distribisyon haina, tangu kiwandani." Halafu, taratibu, kama mtu anayesema ameoga leo: "Nimefanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya reli."

Rafiki yangu alikuwa na munkoyo mdomoni. Ilitoka kwa pua.

Sasa fikeni pale mnapopangoja. Papa akanyoosha mkono. "Hebu nione karatasi." Nikampa. Mtu mwenye akili angesoma mwenyewe na karatasi kuishika, lakini akili yangu ilikuwa bado ndani ya kapo. Akavaa miwani. Akasoma mwandiko wa fundi, akasoma mwandiko wangu chini yake, wino mweusi na wino wa bluu, na akatabasamu kidogo. Halafu kidole chake kikasimama kwenye mstari wa nne.

"Hii 1716 ni nini?"

Uani pakawa kimya. Kuku mmoja akapita. Mjukuu mkubwa, wa miaka kama kumi na miwili, akaacha kubiringisha rimu ya baiskeli ili asikie. Nilitazama matairi. Yalikuwa meusi, mazuri, na meno marefu kabisa. Nikawaza: namba, tairi, namba, tairi. Kitu gani cha tairi kina namba? Nikapata.

"Ni presha, Papa."

Yule mtoto akarudia, siyo kwa ubaya, kama mtu anayetaka kujifunza: "Presha elfu moja mia saba kumi na sita?"

"Ndiyo," nikasema. "Imezidi kidogo."

Wapendwa, kidogo! Tairi la gari hili linahitaji presha thelathini na kitu.

Papa hakucheka. Ndiyo iliyoniua. Alipiga magoti kando ya tairi, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akanivuta nichuchumae. Pembeni, baada ya herufi DOT na herufi nyingine, kulikuwa na kiduara kirefu chenye tarakimu nne: 1716. "Wiki ya 17 ya mwaka 2016," akasema. Akabonyeza ukuta wa tairi, mistari myembamba ikafunguka kwenye raba kama kisigino cha mkulima. "Meno hayajaisha kwa sababu gari imelala sana. Lakini raba imezeeka, na hiyo mimi sikuitazama. Fundi wako ni mtu. Hii ndiyo ilikuwa hoja yako kubwa, na wewe umeniletea usukani."

Akamtuma mjukuu awashe gari? Hapana, akawasha mwenyewe, akakunja usukani mpaka mwisho, akazunguka uani. Tak-tak-tak-tak kutoka mbele kushoto. Kifuko cha mpira kilipasuka, grisi ikarushwa yote ndani ya rimu, mchanga ukaingia. Hapo kubadilisha kifuko hakusaidii tena, ni kadani nzima. Akakubali 140. Akakubali 130 za amotisere baada ya kupitisha kidole na kuona mafuta. Plakete akakataa: "Plakete ni kama sabuni, anayeoga ndiye ananunua." Matairi tukagawana, 160. Jumla 430.

"Ni 6,070," nikasema haraka, angalau hesabu nijue.

"Wewe ulikata 125 kwa sababu hupendi chenji," akasema akinirudishia karatasi. "Mimi pia siipendi. 6,100."

Nikalipa, tukaandikiana, ndiyo hivyo. Gari ninayo, kadani mpya, matairi nabadilisha mwezi huu.

Jana tulipita kwa kijana anayejaza upepo njia ya komini ya Kenya. Akainama kwenye dirisha: "Yaya, presha ngapi?" Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mtu wa Katuba ikatoka kiti cha nyuma.