Bei juu, uniti chini: bili inaangukia wapi?

"Bei ya umeme ikipanda asilimia 20, nami nikapunguza matumizi asilimia 20, si nitalipa kilekile?"

Hapana, utalipa pungufu kidogo. Chukua uniti 100 kwa shilingi 300: ni 30,000. Bei ikiwa 360 na uniti 80, bili ni 28,800, pungufu ya asilimia 4. Zile uniti 20 ulizoziacha zingekugharimu kwa bei mpya, ndiyo maana zimeokoa zaidi ya ulivyodhani. Kubaki palepale kulihitaji upunguze kama asilimia 17 tu. Vyote viwili vikipanda kwa 20, usijumlishe ukapata 40. Vinazidishana, bili inapaa kwa 44.

Kwa hiyo wanaosema "bana matumizi, hutaona tofauti" wana hoja ya kihesabu. Tuipime kwa jambo lililotokea. Januari 2014 bei ya TANESCO kwa kundi la T1, yaani wateja wa matumizi ya kawaida, ilitoka shilingi 221 hadi 306 kwa uniti, kama asilimia 38 na nusu. Tukiacha kodi na ada nyingine, nyumba ya uniti 200 kwa mwezi ilipaswa kushuka hadi 144 ili itoe pesa ileile. Uniti 56 zitoke wapi? Balbu nne za wati 60 zinazowaka saa tano kila usiku, ukiweka za wati 9, zinakupa karibu uniti 31. Pasi ya wati 1,000 inayotumika nusu saa kila siku inakula 15. Ipumzishe kabisa na bado hujafika. Balbu nazo hubadilishwa mara moja. Aliyekwisha kuzibadilisha, bei ikipanda tena, atagusa friji. Hapo ndipo ushauri wa kubana unaniishia utamu.

Isitoshe, mnunuzi wa LUKU hubanwa bila kuamua. Kabla ya kodi na ada, elfu kumi iliyompa uniti 45 ikampa chini ya 33. Akiendelea kununua ya elfu kumi, bili "haijapanda", ila giza limeingia mapema.

Upande wa pili, wanaolaumu bei peke yake wanasahau kwamba matumizi nayo yanaweza kubadili bei. Chini ya bei za mwaka 2016, kundi la D1, yaani nyumba zenye matumizi madogo, lililipa shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi, kisha 350 kwa kila uniti inayozidi. Nyumba ya uniti 75 ililipa 7,500 kabla ya kodi. Ikinunua friji ndogo na kufika 90, yaani asilimia 20 zaidi, inalipa 12,750: ongezeko la asilimia 70, na hakuna aliyetangaza bei mpya. Kwa nyumba hiyo, ningeanza kuhesabu kwenye uniti ya 76.