Jumla inaonewa bure kwenye namba iliyopotea

"Kama xor haifuriki, kuna haja gani bado mtu atumie jumla kutafuta namba iliyokosekana?"

Haja ipo, na tuhuma yenyewe ya kufurika imebandikwa pasipo pake. Tunaongelea lile swali la intavyu: arei ina namba n tofauti, zote kati ya 0 na n, moja haipo, itafute. Njia zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza unatoa jumla ya arei kwenye jumla iliyotakiwa kuwepo, ya pili unazipitishia zote xor, ya tatu unarudisha kila namba kwenye indeksi yake halafu unaangalia kiti gani hakina mwenyewe. Ya tatu nitairudia maana ina kitu hizi mbili hazina.

Kesi dhidi ya jumla huwa inakwenda hivi: fomula ni n(n+1)/2, n ikiwa kubwa namba inapita uwezo wa int, jibu linaharibika, basi hamia xor. Na kweli linaharibika, sibishi. Chukua Java, n iwe 46341, na iliyokosekana iwe 7. Ukiandika `n*(n+1)/2` zao la n(n+1) ni 2147534622, na int mwisho wake ni 2147483647, kwahiyo inazunguka kuwa hasi, unagawa kwa mbili unapata -1073716337, unatoa jumla ya arei, jibu linatoka -2147483641. Mtu akiona hivyo anasema si unaona, jumla haifai.

Lakini tulia uangalie nini hasa kimefurika. Jumla sahihi ya 0 mpaka 46341 ni 1073767311, hiyo inaenea kwenye int na nafasi inabaki. Kilichopita mpaka ni lile zao kabla halijagawanywa. Na angalia hilo jibu baya vizuri: -2147483641 ni 7 toa 2147483648, yaani 7 toa 2 kwa kipeo cha 31. Saba yako bado imo ndani. Kosa ni la kugawa kwa mbili baada ya kuzunguka, sababu kujumlisha na kutoa vinavumilia kuzunguka ila kugawa hakuvumilii. Int ya Java inahesabu kama saa ya ukutani, ukienda mbele ukapita kumi na mbili halafu ukarudi nyuma masaa yaleyale, mshale unakaa palepale ulipotakiwa. Ila huwezi kuigawa saa nusu ukategemea jambo hilohilo.

Sasa ondoa fomula, jumlisha tofauti moja moja:

```java
int jibu = n;
for (int i = 0; i < n; i++) jibu += i - a[i];
```

Hapa hamna kuzidisha wala kugawa. Jibu la katikati likifurika mara mia halina shida, mwishoni linarudi, maana tunajua jibu la kweli liko kati ya 0 na n na hilo linaenea kwenye int. Halafu linganisha na xor, mpenzi wa watu:

```java
int jibu = n;
for (int i = 0; i < n; i++) jibu ^= i ^ a[i];
```

Ni msimbo uleule! Mzunguko uleule, nafasi ya ziada ileile, kilichobadilika ni alama tu. Xor yenyewe ni kujumlisha biti kwa biti bila kubeba, ndiyo maana haifuriki, na jumla hata ikizunguka haipotezi kitu. Zote mbili zinafanya kazi kwa sababu moja, kila namba iliyopo inafutwa na pacha wake na inabaki ile isiyo na pacha. Kwahiyo kusema xor ni salama na jumla ni hatari ni kusifia alama, siyo algorithimu.

Nitaipa xor haki yake. Kwenye C, int yenye alama ikifurika lugha haikupi ahadi yoyote, kompaila ina uhuru wa kufanya itakavyo, kwahiyo hapo ama utumie `unsigned` ama kweli hamia xor na usiwe na mashaka. Hiyo ni hoja ya kweli, ingawa wengi wanaoitaja xor hawaiongelei hii, wanaongelea fomula. Kwenye Python hata hiyo hoja haipo maana namba nzima zinakua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu, `n*(n+1)//2 - sum(a)` imeisha, na mtu yeyote akiisoma anaelewa inafanya nini bila kukuuliza, na `sum` imeandikwa kwa C ndani kwahiyo inaishinda luupu ya xor uliyoiandika kwa mkono.

Panapokuwa pagumu kwa zote mbili ni data isipokuwa safi. Chukua [0, 0, 3, 4], n ni 4. Sifuri imejirudia, zilizokosekana ni mbili, 1 na 2. Jumla: iliyotakiwa ni 10, iliyopo ni 7, jibu 3. Xor: 0 mpaka 4 inatoa 4, arei inatoa 7, ukizipiga xor unapata 3. Zote zinakwambia kwa kujiamini kabisa kwamba 3 imepotea, na 3 imekaa pale unaiona kwa macho!

Ndipo njia ya kurudisha namba kwenye viti inapopata thamani. Iendeshe kwanza kwenye data safi, [3, 0, 1, 4]. Indeksi ya 0 ina 3, tunabadilishana na iliyo indeksi ya 3, inakuwa [4, 0, 1, 3]. Nne haina kiti, tunaipita. Indeksi ya 1 ina 0, tunabadilishana, [0, 4, 1, 3]. Indeksi ya 2 ina 1, tunabadilishana, [0, 1, 4, 3]. Unaona 4 inavyosukumwa mpaka ikaangukia kiti cha 2, na hicho ndicho hakina mwenyewe. Watu wanaona luupu ndani ya luupu wanasema ni n mraba, hapana, kila kubadilishana kunaweka namba moja mahali pake moja kwa moja, kwahiyo hakuwezi kuzidi n. Sasa ile arei mbovu: indeksi ya 1 ina 0, unakwenda kiti cha 0 unakuta 0 nyingine imeshakaa, umeshajua kuna iliyojirudia, na mwishoni viti vya 1 na 2 ndivyo vina wageni, vyote viwili.

Gharama yake ni kwamba inavuruga arei ya mwenyewe, na ina mitego. Ukiweka sharti la `a[i] != i` peke yake badala ya kuangalia kama kule unakoipeleka tayari ina namba hiyohiyo, ikijirudia namba moja luupu inazunguka milele. Na Python ukiandika `a[i], a[a[i]] = a[a[i]], a[i]` imekula kwako, inabadilisha `a[i]` kwanza halafu inaitumia iliyokwishabadilika kutafuta indeksi. Weka kwanza `j = a[i]` pembeni.

Kwahiyo mimi data nikiwa nina uhakika nayo naandika jumla ya tofauti, nisipokuwa na uhakika nakopi arei na kuirudisha kwenye viti vyake, na xor naitumia nikiwa kwenye C na sitaki kubishana na kompaila.