Skripti ya kufunga mwaka, na hela ya matangazo bado sifuri

Kila Desemba tunaona video za "asanteni familia, mwaka wa baraka" halafu inawekwa skrinshoti ya vyuu tu basi. Mimi naona chaneli ndogo ya YouTube ikifanya hivyo inajidanganya yenyewe, kwahiyo skripti yangu naianzia pale panapouma, yani masaa ya kutazamwa. Ntasema hivi:

"Wadau, tuna sabskraiba 1,640, ile 1,000 inayotakiwa na YouTube tumeshaivuka. Ila ili tuingiziwe hela ya matangazo yanatakiwa masaa 4,000 ndani ya miezi 12, na sisi tuna 2,300. Kwahiyo mwaka huu matangazo yamenipa sifuri.

Najua mtaniuliza, sasa ile video fupi ya Mtaa wa Kongo siku ya mafuriko ya watu, si ilifika vyuu laki mbili na kitu? Ilifika kweli, sabskraiba wengi wametokea hapo, ila mtu akikuona kwenye Shorts anavyopitisha tu kidole, ule muda hauhesabiwi kwenye 4,000. Shorts zina njia yake, vyuu milioni 10 ndani ya siku 90, na mimi milioni 10 sizioni hata ndotoni.

Iliyotubeba ni ile ndefu ya kununua mashuka ya jumla Kariakoo, ambayo wala haikutrendi. Vyuu 9,000, kila mtu kakaa kama dakika 5 hivi, hapo ni dakika 45,000, sawa na masaa 750. Video moja! Watu waliisachi wenyewe maana wanataka kwenda kununua, wanataka kujua bei ya jumla inaanzia dazeni ngapi, na mpaka leo bado inaangaliwa."

Hapa ntaweka grafu yake kutoka YouTube Studio, ile ya kuonyesha watu wangapi bado wanaangalia. Mstari unaporomoka wakati bado nasalimia, afu unatulia muuza duka anapotaja bei. Mtu wa bando la jero hana muda wa salamu zako ndugu yangu.

"Kuna kitu watu hawakisemi, hiyo miezi 12 inatembea. Januari kuna masaa kama 400 ya video ya zamani yanatoka kwenye hesabu, kwahiyo msishangae nikisema namba imeshuka wakati chaneli haijafa. Ukiweka na hayo, nahitaji masaa 2,100 mapya, ni kama video tatu za aina ya ile ya mashuka, na mwaka mzima nimepata moja tu.

Kwahiyo mwakani ndefu za bei ndo kazi yenyewe, Shorts zitakuwa vipande vya kuwaleta huku. Tunaanza na vyombo vya jikoni, bei ntaitaja kwenye sentensi ya kwanza, salamu mtazikuta katikati. Kama kuna bidhaa unataka nikuulizie, andika hapo chini na uniambie unachukua dazeni ngapi, maana bei inategemea hapo."