Mbadala tatu za maonyesho na bomba moja lisiloulizwa

Wiki hii nimeletewa ripoti ya usanifu niipitie kabla haijapanda juu. Mradi wa maji, kijiji kimoja njia ya kwenda Pangani, kisima kirefu kimeshachimbwa, tangi litakaa kwenye kilima nyuma ya shule. Kurasa 60 na ushee, jalada la rangi, picha za kina mama na ndoo. Nikaisoma nikiwa na hasira iliyokua kila ninapofungua ukurasa, na sasa naimalizia hapa.

Sura ya mbadala ilikuwa hivi. Mbadala wa kwanza: pampu ya mkono. Wa pili: pampu ya dizeli. Wa tatu: pampu ya sola. Chini yake jedwali la alama, vigezo sita, na sola, maajabu haya, imepata 27 kati ya 30. Pampu ya mkono imepata 9. Pampu ya mkono ya kupandisha maji kilimani! Sijui hizo 9 imezipatia wapi, labda kwa usafi wa mavazi.

Nani kijijini, wilayani au kwa mfadhili alikuwa anabishana kuhusu sola? Hakuna. Paneli zilikuwa kwenye barua ya mfadhili kabla kisima hakijachimbwa. Jambo lilishaamuliwa, na kuna ubaya gani kuliandika hivyo: "Chanzo cha nishati ni sola kwa sharti la mfadhili"? Sentensi moja, inakaa kwenye mahitaji, tunaendelea. Badala yake kurasa nane za maigizo. Halafu nikafika ukurasa wa 41 nikakuta sentensi hii, peke yake, haina baba wala mama: "Bomba la plastiki la milimita 63 litatumika."

Kwa nini 63? Kimya. Na hilo ndilo swali pekee kwenye mradi mzima ambalo lilikuwa wazi kweli, lenye majibu matatu ambayo kila moja lingeweza kushinda.

Nilimpigia kijana aliyeandika. "Shikamoo mzee. Mbadala si ziko tatu kama mwongozo unavyotaka?" Marahaba mwanangu, ziko tatu. Nikamwambia achukue kalamu, tukaanza na mahitaji.

Ripoti ilisema kijiji kinahitaji "maji ya kutosha, safi na salama." Hayo ni maneno ya kwenye risala. Hitaji ni kitu unachoweza kurudi na kukipima ukasema limetimia au halikutimia. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitupa pa kuanzia vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo ndani ya mita 400, watu 250 kwa kituo. Makadirio ya watu mwisho wa muda wa mradi ni 2,000, kwa hiyo mita za ujazo 50 kwa siku. Ongeza asilimia 20 ya yanayovuja na kumwagika, unapata 60. Jua la maana tumekadiria saa 6 kwa siku, basi pampu isukume mita za ujazo 10 kwa saa. Namba hiyo ina ukoo wake, ukiibishia unajua umshike nani.

Kuna na hitaji la pili ambalo halikuandikwa kabisa, na huku kwetu pwani kuliacha ni kama kumwalika mgeni ukasahau kufungua mlango. Kisima hiki hakiko mbali na bahari. Ukivuta maji kupita kiasi, kina kinashuka na maji ya chumvi yanapanda kutoka chini. Karatasi ya majaribio ya kisima, iliyokuwa imebanwa kwenye kiambatisho bila kutajwa popote, inaonyesha chumvi ilitulia hadi mita za ujazo 12 kwa saa, kisha ikaanza kupanda. Basi 12 ni dari. Asitokee mtu kesho akafunga pampu kubwa zaidi kwa sababu kijiji kimekua. Hitaji la namna hii linakata mbadala nyingi kabla hujagusa kikokotoo.

Sasa bomba. Kutoka kisimani hadi tangini ni mita 1,200. Kupanda kwenyewe, kutoka usawa wa maji pampu ikiwa inafanya kazi hadi mdomo wa tangi, ni mita 48. Hizo utazilipa hata ukitumia bomba la dhahabu. Kinachobadilika ni msuguano, na fomula yake kila fundi wa maji anayo:

```
h = 10.67 * L * Q^1.852 / (C^1.852 * D^4.87)
```

h ni mita za msuguano, L ni urefu kwa mita, Q ni mita za ujazo kwa sekunde, C ni ulaini wa ukuta wa bomba, kwa plastiki tumeweka 140, na D ni kipenyo cha ndani kwa mita. Cha ndani! Ile 63 iliyoandikwa ubavuni mwa bomba ni ya nje. Kwa daraja la shinikizo la PN10 tulilotumia, la 63 ndani lina milimita 55.4, la 75 lina 66, la 90 lina 79.2. Tazama na kile kipeo cha 4.87 juu ya D: kosa la milimita chache hapo linazaa kosa kubwa kule. Nimeona ripoti zilizoweka kipenyo cha nje, zikapata msuguano karibu nusu ya ule wa kweli, na hakuna aliyeshtuka.

Kwa mita za ujazo 10 kwa saa, bomba la 63 linakula mita 33 za msuguano. La 75 linakula 14. La 90 linakula 6. Jumlisha na zile 48, pampu itasukuma dhidi ya mita 81, au 62, au 54. Kwa hiyo ile sentensi moja ya ukurasa wa 41 iliamua kwamba karibu nguvu mbili katika kila tano za jua la kijiji kile zitumike kusugua ukuta wa bomba. Kila siku, miaka yote.

Kijana akasema, na hapa nampa haki yake shingo upande, kwamba la 63 ndilo la bei nafuu. Kweli. Plastiki kimsingi unanunua kwa uzito, na kwa urefu huo la 63 ni kama kilo 810, la 75 kama 1,140, la 90 kama 1,645. Tofauti si ndogo. Lakini bei nafuu ya nini? Bomba halifanyi kazi peke yake. Kama pampu ina ufanisi wa asilimia 60, bomba la 63 linadai mota itoe kilowati 3.7, la 75 linadai 2.8, la 90 linadai 2.45. Sasa nenda dukani utafute mota. Zinakuja kwa ngazi, na katika orodha tuliyotumia ni 3, halafu 4. Basi la 63 linakupandisha kwenye mota ya 4, na mota kubwa inadai paneli zaidi na kidhibiti kikubwa zaidi. La 75 na la 90 yote yanakaa kwenye mota ya 3.

Hapo mwandishi mvivu angefunga jalada: la 75 limeshinda, mota ileile kwa plastiki pungufu ya kilo 500. Mimi mwenyewe nililipenda. Lakini mahesabu ya ripoti hayaishi pale unapopata jibu unalolipenda. Unachukua ile namba unayoiamini kidogo kuliko zote na kuisukuma uone kama jibu linasimama.

Namba dhaifu hapa ni saa 6 za jua. Anayejua masika ya Tanga hatacheka nikisema kuna wiki hutazipata. Tuseme jua ni saa 5 na nusu. Ili kupata mita za ujazo 60 zilezile unahitaji karibu 11 kwa saa. Rudia hesabu: la 75 sasa linadai mota itoe kilowati 3.2. Limevuka ngazi. La 90 linadai 2.7, bado liko salama kwenye mota ya 3. Nikatafuta mahali hasa linapogeukia, nikapata kama 10.4 kwa saa. Yaani ushindi wa bomba la 75 unasimama juu ya asilimia nne tu za ziada, kwenye hesabu ambayo ufanisi wa pampu wenyewe tumeukadiria. Hiyo ndiyo sentensi ninayotaka kuiona kwenye ripoti: chaguo hili linageuka wapi. Jedwali la alama haliwezi kukuambia hivyo, maana alama huwekwa na mtu aliyekwisha jua anataka nani ashinde.

Kwa hiyo mimi ningeandika la 90. Mota hubadilishwa, paneli huongezwa, lakini mtaro ule wa mita 1,200, sehemu kubwa yake ni jiwe la matumbawe, watu watauchimba kwa sururu mara moja na hakuna atakayerudi kuuchimba tena. Gharama ya mtaro haijali umelaza bomba gani. Na ningeandika wazi kwamba kwa uamuzi huo tunalipia kilo 500 za plastiki ambazo leo, jua likiwa zuri, hazihitajiki. Kijana akija na la 75 pamoja na tangi kubwa zaidi la kubebea siku za mawingu, nitasoma na pengine nitasaini. Sina ugomvi na jibu lake, mradi limepigania nafasi yake.

La 63 sisaini.

Bomba la chuma nalo litajwe, kwa mstari mmoja: chumvi ya pwani inalila, basi. Mbadala uliokufa kwa sababu moja hauhitaji ukurasa.

Najua mtasema wakubwa hawasomi mahesabu, wanasoma ukurasa wa kwanza na jumla ya fedha. Ni kweli, na inaniudhi, lakini nimeacha kupigana nayo. Basi weka chaguo kwenye ukurasa wa kwanza: bomba la 90, mota ya kilowati 3, mita za ujazo 10 kwa saa, isizidi 12 kwa sababu ya chumvi. Mistari minne. Dari ya chumvi iwepo hapohapo juu, isizikwe kiambatishoni, kwa kuwa mtu atakayetaka kubadilisha pampu miaka kumi ijayo hatafungua kiambatisho. Akibahatika atapata jalada.

Kijana ameahidi kuileta upya Jumatatu. Nimemwomba afute pampu ya mkono, na aniandikie kwa mkono wake kipenyo cha ndani cha kila bomba, alichokipima dukani kwa kalipa.